Kunyakua Chuma Kuanzia Juu

Binti mmoja wa miaka 19, uzito wa kilo 58, alinijia mazoezini akiwa ameshatazama video nyingi za Olimpiki kwenye simu yake. Aliniamkia, kisha akaenda moja kwa moja kwenye chuma, akainama, akakishika na kukivuta kwa nguvu zake zote. Kilikuwa chuma kitupu cha wanawake, kilo 15. Kilipanda mpaka usawa wa kidevu, kikayumba kwenda mbele, naye akakikimbilia hatua mbili akijaribu kukimalizia juu kwa mikono.

"Nguvu bado sina, kocha," akasema.

Nguvu alikuwa nazo. Kila asubuhi alikuwa akijitwika ndoo ya lita 20 bila kusaidiwa na mtu. Kilichompungukia ni kwamba hakujua mwili wake uwe wapi chuma kikishafika juu, na mwili usiojua unakokwenda hukataa kwenda.

Mashindano ya kunyanyua uzito yana minyanyuo miwili. Wa kwanza ni kunyakua: chuma kinatoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mwendo mmoja, mikono ikiwa imeshika kwa upana. Wa pili ni kupandisha na kusukuma: chuma kinafika kwanza mabegani, mnyanyuaji anasimama, kisha anakirusha juu. Katika yote miwili, mnyanyuaji habebi chuma mpaka juu. Anakipa kasi, na katika muda mfupi ambao chuma bado kinapanda chenyewe, yeye anazama chini yake na kukipokea akiwa amechuchumaa. Kwa sababu hiyo mimi humfundisha anayeanza kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kwanza ajue kukaa chini ya chuma, halafu ajue kukirusha kutoka nyongani, kisha kutoka juu ya goti, kisha gotini. Sakafu inakuja baada ya hayo yote.

Wiki mbili za mwanzo binti huyu hakuvuta kitu. Nilimpa bomba la plastiki lililobaki kwa fundi wa maji, urefu wa kama mita mbili, tukatafuta kwanza upana wa mikono yake. Alisimama wima, mikono imenyooka, nikamwambia aitawanye mpaka bomba likae kwenye mkunjo wa nyonga, pale paja linapokunjikia mtu akiinua mguu. Likikaa chini ya hapo, mikono imekaribiana mno. Likipanda tumboni, imetawanyika mno. Tukaweka alama mbili kwa utepe wa fundi umeme. Kisha akajifunza kulifungia dole gumba ndani, chini ya vidole viwili vinavyofuata. Siku za kwanza dole gumba huuma kweli, lakini ndicho kitu kinachozuia chuma kuteleza kinapovutwa kwa kasi.

Halafu tukaanza skwoti ya juu. Bomba liko juu, viwiko vimekazwa, na likitazamwa kutoka ubavuni liko juu ya kisogo, wima juu ya katikati ya unyayo. Anashuka taratibu mpaka chini kabisa, anakaa hapo akihesabu hadi tatu, anapanda. Mara tatu, apumzike, mizunguko mitano. Zoezi hili halifichi kitu. Kisigino kikinyanyuka, kifundo cha mguu ni kigumu. Bomba likianguka mbele, ama mabega hayafunguki ama mgongo umelegea. Yeye shida yake ilikuwa vifundo vya miguu, nami nikamwekea ubao wa sentimita mbili chini ya visigino, kimo cha kisigino cha viatu vya kunyanyulia. Bomba likatulia siku hiyohiyo.

Hapa natofautiana na makocha wanaomzuia mtu asivute kabisa mpaka skwoti ya juu iwe safi. Kuna watu wazima ambao mabega yao yatahitaji miezi mingi. Hao wanaweza kupokea chuma juu, magoti yakikunjika kidogo tu, na kuendelea kujifunza kuvuta wakati mabega yanafunguka. Cha muhimu wasilazimishe kina wasichonacho, maana chuma kikiwa juu na mgongo umekunjika, bega ndilo linaloumia.

Wiki ya tatu tukaingia mkao wa kwanza: nyongani. Chuma kitupu kiko kwenye mkunjo wa nyonga, magoti yamekunjika kidogo, kifua kimesimama, uzito uko kwenye unyayo mzima. Kutoka hapo hakuna nafasi ya kuvuta kwa mikono. Anasukuma sakafu kwa miguu, anainua mabega, anazama chini. Ni mwendo mfupi sana, na ufupi wake ndio unaomlazimisha aende chini badala ya kusubiri chuma kimfikie juu. Wiki ya nne tukashusha chuma mpaka sentimita chache juu ya goti, na wiki ya tano hadi chini kidogo ya kifuniko cha goti. Kila hatua iliongeza jambo moja la kujifunza. Juu ya goti alijifunza kuweka mabega mbele kidogo ya chuma na kukirudisha kwenye paja kwa misuli ya mgongo. Chini ya goti alijifunza kurudisha magoti nyuma ili chuma kipite bila kuyazunguka.

Kosa lake kubwa lilikuwa la mikono: viwiko vilikunjika mapema, kabla miguu haijamaliza kusukuma. Mkono uliokunjwa ni kama kamba iliyolegea, nguvu ya miguu inapotelea hapo. Kumkaripia mtu kwamba asikunje mkono hakusaidii sana, kwa sababu mwendo wote ni mfupi kuliko sekunde moja. Kinachosaidia ni mivuto, yaani kuvuta bila kunyakua. Anafanya kila kitu mpaka mwili unyooke na mabega yapande, mikono imenyooka kama kamba, kisha chuma kinarudi chini. Kwa kuwa hapokei kitu juu, anaweza kubeba zaidi. Wakati huo alikuwa ananyakua kilo 25 kutoka juu ya goti, nami nikampa mivuto ya kilo 30, mara tatu kwa mizunguko minne. Uzito huo ulitosha kumfanya ahisi mikono inanyooshwa, na haukutosha kumharibia umbo. Wapo wanaomwongezea anayeanza mpaka avute mara moja na nusu ya anachonyakua. Kwa maoni yangu huo ni mwendo mwingine kabisa: chuma kinapanda polepole, nyonga zinatangulia, na mwili unajifunza ratiba isiyo ya kunyakua.

Kabla ya sakafu kuna jambo la vipimo. Sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo katikati ya chuma kinakaa sentimita 22.5 kutoka chini. Chuma kitupu, au chenye sahani ndogo za kilo tano za chuma, kinalala chini zaidi ya hapo, na anayeanza analazimika kukunja mgongo ili akifikie. Hilo ndilo lililompata binti siku ya kwanza. Sahani kubwa nyepesi hatuna, basi tukapigilia vipande vya mbao pande mbili mpaka chuma kikakaa kwenye kimo chake. Kazi ya nusu saa na msumeno.

Wiki ya sita alivuta kutoka kwenye mbao hizo kwa vituo. Chuma kinaanza juu ya fundo la kamba za viatu, karibu na muundi. Anakinyanyua, anasimama chini ya goti akihesabu mbili, anasimama tena katikati ya paja akihesabu mbili, ndipo ananyakua. Vituo hivi vinafichua kosa ambalo kwa kasi halionekani. Nyonga zake zilikuwa zinatangulia kupanda huku mabega yamebaki chini, na alipofika kituo cha kwanza alijikuta amelalia vidole vya miguu. Kutoka hapo chuma hakina pa kwenda ila mbele. Nilimwambia kifua na nyonga vipande pamoja, na mgongo ubaki na pembe ileile mpaka gotini. Siku tatu za mazoezi zilipita kabla hajafika kituo cha kwanza akiwa ametulia juu ya unyayo mzima.

Kupima maendeleo nilitumia chaki. Kabla ya kunyakua nilichora mstari mbele ya vidole vya viatu vyake. Akishapokea, tunatazama ametua wapi. Akitua mbele ya mstari, chuma kilimvuta. Ama kiliachana na mwili njiani, ama alikisukuma mbele kwa nyonga badala ya kukipitisha karibu. Akitua palepale au nyuma kidogo tu, ni sawa. Alama ya pili iko mwilini: wekundu ukijitokeza katikati ya paja, amegusisha chuma mapema, unatakiwa uwe kwenye mkunjo wa nyonga.

Kupandisha na kusukuma kulianza wiki ya tano, kwa sababu sehemu kubwa alishaijua. Mikao ni ileile, ila mikono inashika upana wa mabega na chuma kinagusa juu ya paja. Kipya ni mapokezi. Chuma kinakaa juu ya mabega yenyewe, viwiko vimeelekea mbele na juu, vidole vinakizuia tu. Viwiko vikining'inia, uzito unaangukia viganja, navyo vitalalamika kesho yake. Skwoti ya mbele, ambayo alikuwa akiifanya tangu wiki ya kwanza, ndiyo iliyomwandalia mkao huo.

Msukumo tuliufundisha peke yake, chuma kikitoka kwenye stendi. Anakunja magoti kidogo, kiwiliwili kikishuka wima bila kifua kuinama, anasukuma, kisha mguu mmoja unakwenda mbele na mwingine nyuma huku mikono ikikaza. Akirudi, mguu wa mbele unaanza kurudi nusu hatua, ndipo wa nyuma unafuata. Mpaka mwaka 1972, Olimpiki ya Munich, kulikuwa na mnyanyuo wa tatu wa kusukuma juu kwa mikono tu, kisha ukafutwa. Katika miwili iliyobaki, kumalizia kwa kusukuma kiwiko kilichokunjika ni kosa na mwamuzi anakataa. Ndiyo maana simruhusu mtu kumalizia kwa mikono hata akiwa na bomba la plastiki.

Katika kila siku ya mazoezi, tatu kwa wiki, utaratibu ulikuwa huo huo. Skwoti ya juu nyepesi ya kupasha mwili moto, kisha kunyakua mwili ukiwa bado mbichi, kisha kupandisha na kusukuma, ndipo mivuto, na mwisho skwoti nzito. Mivuto ikitangulia, miguu na mgongo vinachoka, na uchovu huo unaonekana kwenye chaki.

Wiki ya nane alinyakua kutoka kwenye mbao bila vituo. Kilo 25, mara mbili mbili. Mizunguko mitatu ya kwanza alitua kwenye mstari. Wa nne nikamwekea kilo 27.5, akaipokea chini kabisa, akatulia, akasimama. Tukatazama chaki: kiatu cha kushoto kimevuka mstari kwa upana wa kidole.

"Naongeza, kocha?"

Nikamwambia arudi 25.