Madam, Naomba Ukae Nyuma ya Darasa

Wanachuo wa ualimu nchini Tanzania hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, maarufu kama BTP, na kila mmoja hukabidhiwa kwa mwalimu mlezi. Mlezi anatakiwa kukagua andalio la somo, kuingia darasani na kumrekebisha. Lakini mlezi huyo ana vipindi vyake na rundo la madaftari ya kusahihisha. Mara nyingi humwachia mgeni darasa, akarudi ofisini. Mwanachuo anabaki peke yake mpaka siku mkufunzi anapotoka chuoni kuja kumpima kwa alama, na hapo makosa yameshakuwa mazoea.

Barua fupi inaweza kuziba pengo hilo, mradi iseme wazi inachotaka. Ukiandika tu, “Naomba unitembelee darasani na unipe maoni,” mlezi hatajua aangalie nini. Atakaa nyuma, atatazama, kisha atasema, “Umejitahidi, ila ongeza sauti.” Neno hilo ni la upole, tena halina ubaya, lakini halimsaidii mtu kuandaa kipindi cha kesho.

Tuchukue mfano wa mwanachuo anayefundisha Hisabati darasa la tano. Anaandika hivi:

“Shikamoo Madam. Jumanne kipindi cha tatu nitafundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Jumatatu naomba nikae nyuma unapofundisha, nione unavyouliza maswali. Jumanne naomba ukae nyuma dakika zote 40. Nahisi nawauliza watoto wale wale, na siwapi nafasi ya kufikiri. Nimechora ramani ya madawati. Naomba uweke alama kwa kila mtoto nitakayemwuliza. Andalio la somo hili hapa. Baada ya masomo naomba dakika 15, tuwe wawili tu. Tafadhali niambie kilichoharibika kama kilivyo, kwani mkufunzi hajafika na bado nina muda wa kurekebisha.”

Nguvu ya barua hii iko kwenye ile ramani. Inampa mlezi kazi ya kuhesabu kabla ya kuhukumu, na hesabu haimvunjii mtu heshima. Mlezi anayeona haya kumwambia kijana “hufundishi vizuri” hataona haya kumwonyesha karatasi yenye alama 12, kumi kati yake zikiwa madawati ya mbele.

Suala la kutowapa watoto nafasi nalo lina msingi. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi, aligundua kwamba kwa kawaida mwalimu akishauliza swali husubiri sekunde moja tu, au pungufu, kabla ya kusema tena. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na waliokaa kimya bila kujibu wakapungua. Mwalimu aliyesimama mbele hawezi kujipima kwa hilo, kwa sababu kwake ukimya wa sekunde mbili ni mrefu mno. Aliye nyuma mwenye saa ndiye anayeweza.

Sasa Jumanne imefika. Mwanachuo ameandika ubaoni 1/2 + 1/3, ametafuta asili ya pamoja, amepata 3/6 + 2/6, jibu 5/6. Anageuka: “Tumeelewa?” Darasa zima linaitikia, “Ndiyooo!” Anasonga mbele. Lakini mlezi, aliyekaa karibu na dawati la mwisho, anaona kwenye daftari la mtoto mmoja: 1/2 + 1/3 = 2/5. Mtoto amejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Kwa mwanachuo, itikio lile lilikuwa ushahidi kwamba somo limeeleweka.

Jioni mlezi anamwonyesha ramani, kisha anamwuliza, “Ungejuaje kwamba yule wa nyuma amepata 2/5?” Wanazungumza mpaka wanapata jambo moja la kujaribu: badala ya “Tumeelewa?”, awape wote 1/2 + 1/4 wafanye madaftarini, apite kuanzia nyuma, kisha awaulize kama 2/6 inaweza kuwa jibu wakati ni ndogo kuliko ile nusu waliyoanza nayo. Hilo linaandikwa kwenye andalio la kipindi kinachofuata. Kasoro nyingine alizoziona, mwandiko wa ubaoni na muda uliopotea kugawa vitabu, mlezi anazihifadhi kwa wiki ijayo. Mtu akipewa kasoro nane kwa mpigo hurekebisha ile iliyo rahisi.

Ziko shule ambazo mlezi kweli hapati dakika 40. Hapo mwanachuo aombe 15 tu, na ataje zipi. Zenye faida zaidi ni zile anazojenga maarifa mapya na kuwapa watoto swali la kwanza, kwa sababu utangulizi karibu kila mtu huufanya vizuri. Barua ifike pamoja na andalio siku mbili tatu kabla, mlezi apate kupanga kazi zake.