Faili Lenye Alama ya Wingu: Linakokaa na Jinsi ya Kulirudisha

Katika kompyuta ya Windows inayotumia OneDrive, faili linaweza kuonekana kwenye folda likiwa na jina lake, tarehe yake na hata ukubwa wake, ilhali kwenye diski halimo. Kilichomo ni kivuli tu, yaani maelezo machache yanayoijulisha kompyuta kwamba faili lenyewe limehifadhiwa kwenye seva za Microsoft na litapakuliwa pale litakapofunguliwa. Utaratibu huo unaitwa Files On-Demand, na ulianza kuwafikia watumiaji wa Windows 10 mwishoni mwa mwaka 2017. Unamfaa mwenye diski ndogo na intaneti isiyokatika. Kwa anayetegemea bando la siku, au anayesafiri na kompyuta hadi mahali pasipo na mtandao, kivuli hicho humnyima kazi yake saa anapoihitaji.

Hali ya faili husomwa kwenye alama ndogo iliyo kando ya jina lake. Wingu la buluu maana yake faili liko mtandaoni tu. Duara jeupe lenye tiki ya kijani maana yake limeshapakuliwa na linafunguka bila intaneti, ila mfumo unaruhusiwa kuliondoa tena baadaye. Duara lililojaa kijani, lenye tiki nyeupe, ndilo la kutegemewa: mtumiaji ameagiza faili libaki kwenye kompyuta siku zote. Wengi huona tiki yoyote ya kijani wakadhani mambo yamekwisha, na hapo ndipo kosa huanzia.

Kinachoyageuza mafaili kuwa vivuli mara nyingi ni Storage Sense, sehemu ya Windows inayosafisha diski. Hupatikana ndani ya `Settings`, kisha `System`, kisha `Storage`, na ina kipengele cha mafaili ya wingu kinachouliza faili likae muda gani bila kufunguliwa kabla ya kuondolewa kwenye diski. Kikiwekwa siku 30, faili lililopakuliwa leo na kusahaulika linaweza kuwa kivuli tena mwezi ujao bila mtu kuligusa. Chaguo la `Never` huzuia hilo. Mafaili yenye duara lililojaa kijani hayaguswi na usafishaji huo.

Chukua mfano wa ofisi ya shule yenye folda iitwayo Mahafali 2019, iliyojaa picha na video zinazotakiwa kuonyeshwa kwenye ukumbi usio na intaneti. Kitu cha kwanza ni kujua kama folda hiyo ni kivuli. Inabofywa kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha huchaguliwa `Properties`. Hapo hutokea mistari miwili inayofanana: `Size`, inayosema 3.2 GB, na `Size on disk`, inayosema 0 bytes. Mstari wa pili ndio wenye ukweli wa diski. Kwenye kompyuta hiyo hakuna picha hata moja.

Kabla ya kuagiza zipakuliwe, hutazamwa kama diski ina nafasi inayozidi hizo GB 3.2 na kama bando linatosha. Kwa mtandao wa megabiti 5 kwa sekunde, mzigo huo huchukua karibu saa moja na nusu, kwa hiyo si kazi ya kuanza asubuhi ya mahafali. Kisha folda inabofywa tena kwa kitufe cha kulia na kuchaguliwa `Always keep on this device`. Mishale ya buluu inayozunguka huonyesha upakuaji unaendelea. Ukimalizika, `Properties` hufunguliwa tena: `Size on disk` ikiwa imekaribia 3.2 GB, picha zimefika. Jaribio la mwisho ni kuzima Wi-Fi na kufungua video mojawapo.

Agizo hilohilo linaweza kutolewa kwa amri katika Command Prompt, jambo linalosaidia folda ikiwa na matabaka mengi ndani yake:

```
attrib +P -U "C:\Users\ofisi\OneDrive\Mahafali 2019\*" /S /D
```

Herufi P huagiza faili libaki kwenye kompyuta, na U huliruhusu kuwa la mtandaoni tu. Ndiyo maana moja inaongezwa na nyingine inaondolewa.

Kunakili kivuli kwenda kwenye flashi nako kunahitaji intaneti, kwa kuwa Windows lazima ilipakue faili kwanza. Programu ya OneDrive ikiwa haifanyi kazi, hutokea kosa `0x8007016A`, lenye maneno `The cloud file provider is not running`. Tiba ya kwanza ni kuifungua OneDrive na kuhakikisha akaunti imeingia. Isipokubali, huandikwa amri hii kwenye dirisha la Run, linalofunguliwa kwa Windows + R:

```
%localappdata%\Microsoft\OneDrive\onedrive.exe /reset
```

Amri hiyo haifuti mafaili. Huifanya programu isawazishe upya tangu mwanzo. Lililo muhimu ni kunakili, wala si kukata na kubandika. Faili likikatwa kutoka folda ya OneDrive, huondoka pia mtandaoni na kwenye kila kifaa kilichounganishwa, likabaki kwenye flashi peke yake.

Mafaili kutoweka kabisa ni jambo jingine, na mara nyingi hayajapotea, yamehama. OneDrive ikianza kuhifadhi nakala za Desktop, Documents na Pictures, huzihamishia folda hizo ndani yake. Desktop iliyokuwa `C:\Users\ofisi\Desktop` huwa `C:\Users\ofisi\OneDrive\Desktop`. Mtumiaji akizima uhifadhi huo, Windows hurudi kwenye Desktop ya zamani, ambayo kwa kawaida ni tupu, na vitu vyake vyote hubaki kwenye ile ya OneDrive. Mshtuko ni mkubwa, lakini mafaili yapo. Hufunguliwa folda ya OneDrive, huagizwa yote yabaki kwenye kompyuta, husubiriwa hadi yamalize kupakuliwa, ndipo hunakiliwa kwenda kwenye folda ya zamani. Anayetaka kuachana na OneDrive kabisa afuate mpangilio huohuo kabla ya kuondoa akaunti yake kwenye kompyuta, maana baada ya hapo vivuli havina pa kupakua.

Folda moja ikikosekana na nyingine zipo, huenda tiki yake imeondolewa kwenye orodha ya `Choose folders` ndani ya mipangilio ya OneDrive. Ikirudishiwa tiki, hurejea.

Katika hali zote hizi, mahali pa kuhakikisha ni tovuti ya onedrive.com, kwa akaunti ileile inayotumika kwenye kompyuta. Faili likionekana pale, liko salama. Lisipoonekana, hutazamwa `Recycle bin` ya tovuti hiyo, si ile ya kompyuta, kwa sababu kivuli kikifutwa hakipiti kwenye pipa la kompyuta. Akaunti binafsi hutunza vilivyofutwa kwa siku 30, na za kazi au shule kwa kawaida siku 93. Faili likichaguliwa na kubofywa `Restore`, hurudi kwenye folda lilikotoka, na kwenye kompyuta huonekana tena, likiwa na alama ya wingu, tayari kupakuliwa. Faili ambalo halikuwahi kupandishwa, tuseme kwa sababu GB 5 za bure zilikuwa zimejaa, halitapatikana huko. Hilo hutafutwa kwenye kompyuta lilikotengenezwa, ambako huenda bado limo.