Plagi kwenye simu: kupima bila rula

Pikipiki ikigoma kuwaka Sigor, huko Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, plagi hufunguliwa, hupigwa picha na kutumwa kwa muuza spea aliyeko Bomet mjini au Kericho. Swali linaloandamana na picha huwa moja tu: unayo kama hii? Wengi hudhani jibu liko kwenye ncha iliyoungua, kwa kuwa hapo ndipo jicho linapovutwa. Lakini anayetaka kujua aina ya plagi huanza na meno ya thredi, kisha maandishi ya kwenye kauri, na ncha huitazama mwisho.

Tatizo la picha ni kwamba haina kipimo. Plagi yenye thredi ya milimita 10 na ile ya milimita 14 zinaweza kujaza kioo cha simu sawasawa. Hata hivyo, picha hubakiza uwiano. Ukijua upana wa thredi unaingia mara ngapi katika urefu wake, hukosi njia ya kuitambua plagi, kwa sababu watengenezaji hawachagui vipimo ovyo. Plagi za pikipiki na injini ndogo zina thredi za upana wa milimita 10, 12 au 14, na nyingi zina urefu wa milimita 9.5, 12.7 au 19. Urefu huo hupimwa kuanzia pale washa inapokalia hedi hadi mwisho wa chuma chenye thredi. Elektrodi inayochomoza mbele haihesabiwi.

Gawanya urefu kwa upana. Plagi ya C7HSA, inayopatikana kwenye pikipiki nyingi ndogo, ina thredi ya milimita 10 kwa 12.7, hivyo uwiano wake ni 1.27. BPR6ES ya pampu za maji zenye injini ya Honda GX160 ni 14 kwa 19, uwiano 1.36. D8EA, plagi ya Honda CG125, ni 12 kwa 19, uwiano 1.58. BPMR7A ya misumeno ya kukatia miti ni 14 kwa 9.5, na uwiano wake ni 0.68 tu; hiyo utaijua kwa ufupi wake hata kabla ya kupima.

Kuna ushahidi wa pili ndani ya thredi yenyewe. Nafasi kutoka jino hadi jino ni milimita 1 kwenye thredi ya 10, na milimita 1.25 kwenye ile ya 12 na ya 14. Kwa hiyo upana wa thredi ya 10 ni sawa na nafasi 10 za meno, upana wa ile ya 12 ni nafasi 9.6, na wa ile ya 14 ni nafasi 11.2. Meno ni rula ambayo kiwanda kimeichonga kwenye plagi, na simu haiwezi kuiacha nyuma.

Tuchukue picha moja ya mfano. Plagi imelala juu ya karatasi, mafuta meusi yamefunika kauri, maandishi hayasomeki. Muuzaji anaikuza kwenye kioo na kupima: upana wa thredi, kutoka kilele cha jino upande mmoja hadi kilele cha upande wa pili, ni pikseli 240. Urefu ni pikseli 378. Kutoka jino la kwanza hadi la kumi na moja, yaani nafasi kumi, ni pikseli 250, kwa hiyo nafasi moja ni 25. Anagawanya 378 kwa 240, anapata 1.58. Anagawanya 240 kwa 25, anapata 9.6. Majibu yote mawili yanaelekea thredi ya milimita 12 yenye urefu wa 19. Anamalizia na kichwa cha pembe sita kinachoshikwa na spana: upana wa bapa hadi bapa ni pikseli 360, mara moja na nusu ya thredi, na milimita 18 ndicho kipimo cha spana ya plagi za kundi hilo.

Angetegemea hesabu ya meno peke yake, angeweza kupotea. Tofauti kati ya 9.6 na 10 ni ndogo kiasi kwamba picha yenye ukungu inaimeza. Kinachomwokoa ni uwiano wa urefu, kwani kati ya 1.58 na 1.27 hakuna wa kuchanganya. Kichwa cha pembe sita nacho kina mtego wake: kikipigwa picha kona zikiwa pembeni, kitaonekana kinene kwa karibu asilimia 15 kuliko bapa kwa bapa. Mtego mwingine ni kuisogeza simu karibu mno, ambapo ncha iliyo jirani na lenzi huvimba na kauri ya nyuma hunywea. Dawa yake ni kuilaza plagi, kusimama umbali wa kama mkono mmoja, kukuza picha kidogo na kuacha mwanga uingie kutoka ubavuni ili kila jino litupe kivuli. Tena picha ya WhatsApp hupunguzwa ubora njiani. Ikitumwa kama faili, herufi ndogo hubaki.

Umakini huu juu ya urefu una sababu. Plagi ya 12.7 ikifungwa kwenye hedi ya 19 yenye upana uleule, cheche hurukia ndani ya shimo badala ya ndani ya silinda, injini hukosakosa, na masizi hujaa kwenye thredi zilizobaki wazi. Ya 19 ikiingia kwenye hedi ya 12.7, hujitokeza ndani na inaweza kugongwa na pistoni mara ya kwanza unapopiga kiki.

Sasa muuzaji anajua umbo, lakini hajajua kiwango cha joto. Kiwango hicho hakielezi ukali wa cheche. Kinaeleza jinsi plagi inavyotoa joto kwenye ncha yake na kulipeleka kwenye hedi. Kauri inayozunguka elektrodi ya katikati ina pua iliyojificha ndani ya chuma. Pua ikiwa ndefu, joto husafiri mbali kabla ya kukutana na chuma, ncha hubaki na moto, na mafundi huiita plagi ya moto. Pua ikiwa fupi, joto huondoka haraka, nayo ni plagi ya baridi. Ncha inapaswa kufika karibu nyuzi 500 za Selsiasi ili iunguze masizi yake yenyewe, lakini ikipita 800 na ushei inaweza kuwasha petroli kabla ya cheche. Hatua moja ya namba hubadilisha joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100 hivi.

Hapa ndipo picha inapofikia kikomo. Mahali pua inapokutana na chuma pako ndani kabisa, na ya 7 na ya 8 za jamii moja zikilazwa bega kwa bega hazitofautiki kwa nje. Unachoweza kuona ubavuni ni kama kauri imechomoza kupita ukingo wa chuma. Kwenye D8EA haichomozi. Kwenye D8TC ya Kichina, ambayo maduka mengi huitoa badala yake, inachomoza, na herufi T ndiyo inayosema hivyo. Namba yenyewe lazima isomwe. Kitambaa chenye petroli kidogo hufuta mafuta, na plagi ikizungushwa taratibu chini ya mwanga wa pembeni, wino uliofifia mara nyingi hurudi.

Maandishi yakishaonekana, kwa NGK herufi ya kwanza ni upana wa thredi: C ni 10, D ni 12, B ni 14. Herufi P ni kauri iliyochomoza, R ni rezista ya ndani, ambayo hakuna picha itakayokuonyesha. Namba ni kiwango cha joto, na herufi inayoifuata ni urefu: H ni 12.7, E ni 19. Kosa kubwa la dukani ni kulinganisha namba za kampuni tofauti. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion, ikipanda inakuwa ya moto zaidi. Denso inayochukua nafasi ya D8EA imeandikwa X24ES-U, na hiyo 24 ndiyo 8 ya NGK. Anayeona 24 akadhani ni plagi kali mara tatu, amesoma lugha nyingine.

Imebaki rangi ya ncha. Katika picha yetu ncha ni nyeusi, kavu, yenye masizi ya unga. Fundi mwenye haraka atasema plagi ni ya baridi mno, wekeni ya 7. Asubiri kwanza. Nyanda za chai za Kericho na Bomet ziko juu, nyingi karibu na mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 18 kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyorekebishwa kwa hewa ya chini inaendelea kumwaga petroli nyingi kuliko hewa hiyo inavyoweza kuunguza. Ongeza filta iliyojaa vumbi la murram na choki iliyosahauliwa nusu wazi, na ncha itakuwa nyeusi hata plagi ikiwa ndiyo hasa iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kuweka plagi ya moto kutaficha masizi, kisha siku ya kupanda mlima na abiria na gunia la mahindi ncha itapata moto kupita kiasi. Dalili zake ni kauri nyeupe yenye malengelenge, elektrodi iliyolika kingo, na vitone vinavyong'aa vya alumini ambavyo vimetoka kwenye pistoni.

Alama nyingine isiyopaswa kumsumbua mtu ni ile pete ya kahawia kwenye kauri, juu kidogo ya chuma. Wengi huiona kwenye picha wakasema plagi inavuja. Mara nyingi ni chembe za mafuta zilizovutwa na umeme wenye volti nyingi, na plagi haina kasoro.

Kwa hiyo mwenye picha yetu anajibiwa hivi: thredi ni 12 kwa 19, kauri haijachomoza, hiyo ni jamii ya D8EA, tuma tena baada ya kuifuta ili namba ionekane, na uniambie pikipiki ni ya aina gani. Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko picha. Picha huonyesha plagi iliyokuwa ndani ya injini, ambayo pengine ilifungwa na mtu aliyekuwa na hiyo tu dukani. Iwapo kitabu cha pikipiki kinasema 8 na iliyotoka ni 7, inayonunuliwa ni 8, na filta inasafishwa kabla ya kuifunga.