Seli Moja, Jambo Moja

Karani wa kituo cha maziwa akiandika "lita 12, asubuhi, amelipwa" katika seli moja, mwenzake ataelewa, lakini kwa kompyuta hayo ni maandishi tu.

Kabla:

| Mfugaji | Maziwa |
|---|---|
| M01 | lita 12, asubuhi, amelipwa |
| M02 | lita 8, jioni, bado |

Ukiandika `=SUM(B2:B3)` utapata 0, kwa sababu fomula hiyo huyaruka maandishi.

Baada:

| Mfugaji | Lita | Muda | Malipo |
|---|---|---|---|
| M01 | 12 | asubuhi | amelipwa |
| M02 | 8 | jioni | bado |

Sasa `=SUM(B2:B3)` inatoa 20, na unaweza kuchuja wasiolipwa peke yao. Neno "lita" limehamia kwenye kichwa cha safu. Ukilirudisha ndani ya seli, namba itageuka maandishi tena. Dalili yake ni rahisi kuiona: kama hujabadilisha mpangilio, namba hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto.

Usigawanye kupita kiasi, hata hivyo. Tarehe nzima ni jambo moja, kwa hiyo iache katika seli yake. Maelezo ya ziada, kama "maziwa yamekataliwa", yafungulie safu yake.