Kijani kilichowaka kwenye simu, kimepauka kwenye lebo: tatizo liko wapi?

Msimu wa korosho ukianza Masasi na Newala, kazi za lebo nazo zinaongezeka. Vikundi vinavyobangua na kufungasha korosho vinataka pakiti yenye jani la kijani na bibo la rangi ya chungwa. Mchoro unatumwa WhatsApp, mteja anaufungua kwenye simu, anasema "safi, chapa". Lebo zinarudi, na kijani kimekuwa kizito, bibo limekuwa kama tofali. Ugomvi unaanza: fundi wa michoro au mwenye mashine, nani kakosea?

Mara nyingi hakuna aliyeharibu mashine. Ile rangi iliyokuwa kwenye simu haikuwahi kuwezekana kwenye karatasi.

Simu inawasha, karatasi inarudisha

Kioo cha simu kina vitaa vidogo sana vya nyekundu, kijani na bluu. Ndiyo maana ya RGB. Kila kitaa kinapimwa kuanzia 0 mpaka 255. Kijani kikali kabisa kinapatikana kwa kuzima nyekundu na bluu, kisha kuwasha kijani mpaka mwisho: 0, 255, 0. Hapo jicho linapokea mwanga wa kijani moja kwa moja.

Karatasi haina taa. Inapokea mwanga wa jua au wa balbu, wino unameza sehemu yake, na kinachobaki ndicho tunachokiona. Wino ni wa aina nne: sayani, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK, na kila mmoja unahesabiwa kwa asilimia.

Sasa, kijani kwenye uchapaji hakina wino wake. Kinatengenezwa kwa sayani juu ya njano. Kazi ya sayani ni kumeza mwanga mwekundu tu na kuacha wa kijani upite. Lakini wino halisi wa sayani si msafi kiasi hicho. Unameza na sehemu ya mwanga wa kijani wenyewe. Kwa hiyo kadiri unavyoongeza sayani ili kijani kikolee, ndivyo unavyokifanya kiwe cheusi zaidi. Ndiyo maana kijani kinaumia kuliko rangi nyingi.

Tuhesabu lebo moja

Tuseme jani la lebo limejazwa 0, 255, 0 na bibo limejazwa 255, 102, 0. Photoshop yenye mpangilio wake wa kawaida wa Kimarekani ikibadilisha faili kwenda CMYK, jani linakuwa sayani 63, majenta 0, njano 100, nyeusi 0. Ukirudisha rangi hiyo kwenye kioo uone itakavyotoka, unapata karibu 105, 189, 69. Kitaa cha kijani kimeshuka kutoka 255 hadi 189, na nyekundu na bluu zilizokuwa zimezimwa sasa zimeingia. Kile kijani cha kuwaka kimekwisha.

Bibo linakuwa karibu majenta 75 na njano 100, bila sayani wala nyeusi. Kwenye kioo hiyo ni karibu 242, 101, 34. Limepoa, lakini halijapotea kama jani.

Linganisha na kijani cha bendera ya Taifa, ambacho mara nyingi huandikwa 30, 181, 58. Ukichapa sayani 75 na njano 100 unapata karibu 57, 181, 74. Hiyo inakaribiana sana. Somo ni kwamba kijani chenyewe hakina shida. Shida ni kile kinachowaka kama taa. Ukianza na kijani kilicho jirani na cha bendera, mteja hatashtuka sana siku ya kupokea mzigo.

Rangi ya chungwa ina adui wake

Kwa bibo, adui ni sayani. Chungwa safi ni majenta na njano peke yake. Ikiingia sayani hata asilimia 10 au 15, rangi inaanza kwenda kwenye kahawia. Hii hutokea hasa kwenye picha za mabibo zilizopigwa kwa simu, maana programu inaongeza sayani yenyewe kwenye sehemu zenye kivuli. Kwenye jani adui ni majenta: ikiingia kidogo tu, kijani kinachakaa. Gusa rangi kwa kile kidude cha kuchotea rangi, usome asilimia zake, kisha punguza wino usiohitajika.

Angalia pia karatasi. Karatasi isiyo na mng'ao inafyonza wino na nukta zinatanuka. Nukta za majenta zikitanuka, chungwa linaelekea kwenye wekundu. Kwa karatasi ya namna hiyo, jaribu majenta 60 badala ya 75.

Na ile mifuko ya kaki ambayo wafungashaji wengi wanaipenda? Mashine nyingi hazina wino mweupe. Weupe wote kwenye lebo ni weupe wa karatasi yenyewe. Ukichapa moja kwa moja kwenye kaki, ukahawia wa mfuko unajipenyeza kwenye kila rangi, na hakuna marekebisho ya faili yatakayoleta kijani cha kung'aa. Suluhisho rahisi ni kuchapa stika nyeupe kisha kuibandika kwenye mfuko.

Jua mapema kabla ya kulipia

Kwenye Photoshop, fungua faili kisha bonyeza Ctrl+Y. Kioo kitaigiza rangi za uchapaji, ilmradi View > Proof Setup iwe kwenye Working CMYK. Ukibonyeza Shift+Ctrl+Y, sehemu zote zisizochapika zinafunikwa kijivu. Jani likigeuka kijivu lote, badilisha rangi hapo hapo.

Kwa wanaotumia Canva, kuchagua CMYK wakati wa kupakua PDF Print kunahitaji akaunti ya kulipia. Kama huna, chagua tangu mwanzo kijani na chungwa zilizotulia, kwa sababu mashine itabadilisha rangi kwa namna yake na hutakuwepo kuiona.

Usimwache mteja aidhinishe rangi kwa kutazama simu. Simu nyingi zinazidisha ukali wa rangi makusudi, na mwanga wa kioo ukiwa juu kila kitu kinapendeza. Chapa kipande kimoja kwenye karatasi ileile na mashine ileile, kitazameni nje mchana, mteja asaini kwenye kipande hicho. Nakala moja ni nafuu kuliko lebo 1,000 za kutupa.

Ikibidi chungwa liwake kwelikweli, kuna wino uliochanganywa tayari kama Pantone Orange 021. Huo unawekwa kama wino wa tano, na unahitaji sahani yake kwenye mashine ya ofseti, hivyo gharama inapanda. Kwa oda ndogo haulipi; kwa maelfu ya maboksi unaweza kulipa. Ila printa ndogo ya mtaani yenye wino nne haiwezi kuutoa, hata ukiandika jina lake kwenye faili. Itauigiza kwa majenta na njano, na utarudi palepale kwenye lile tofali.