"No Signal" haina maana skrini imekufa

Tangazo lililobandikwa ukutani kwenye chumba cha mkutano kwa kawaida huwa na mstari mmoja: "Tafadhali usiondoe waya." Halisemi waya upi, wala halimsaidii mtu aliyefika na laptopu mkononi huku wageni wameshakaa. Tangazo lenye faida huanzia kwenye kalenda, kabla mtu hajafungua mlango.

Katika ofisi zinazotumia Outlook au kalenda ya Google, chumba huwa kimesajiliwa kwenye mfumo na kina kalenda yake. Unakichagua kwenye orodha ya vyumba unapoandaa mkutano, nacho hukubali au hukataa chenyewe kulingana na nafasi. Kosa la kila siku ni kuandika jina la chumba kwa mkono kwenye sehemu ya mahali pa mkutano. Maneno hayo watayasoma waalikwa, lakini chumba hakina habari. Ndiyo maana makundi mawili hukutana mlangoni, kila moja likiapa kwamba liliweka nafasi. Ukitaka uhakika, angalia kama chumba kimejibu kwamba kimekubali. Na mkutano ukiahirishwa, aliyeuandaa ndiye anayepaswa kuufuta. Waalikwa wote wakisema hawaji, chumba bado kinaweza kuonekana kimeshikwa. Mikutano ya kila wiki iliyokufa bila kufutwa nayo huviziba vyumba.

Sasa waya. Ule mweusi uliolazwa mezani mara nyingi ni wa HDMI, na unabeba picha na sauti kwa pamoja. Washa skrini, chomeka, subiri sekunde chache. Yakitokea maneno "No Signal", skrini yenyewe ni nzima. Inachosema ni kwamba kwenye tundu inalolisikiliza hakuna kinachoingia. Nyuma ya skrini kuna matundu zaidi ya moja, yameandikwa HDMI 1, HDMI 2 na kuendelea. Chukua rimoti, bonyeza Input au Source, uchague namba ya tundu ambalo waya umechomekwa. Anayeandika tangazo angewasaidia wenzake kwa kubandika namba hiyo kwenye waya wenyewe, maana hakuna anayependa kuchungulia nyuma ya skrini akiwa na tai.

Kama namba ni sahihi na bado giza, shika kitufe cha Windows kwenye kibodi kisha bonyeza P. Ukichagua Duplicate, wote wataona unachokiona wewe. Ukichagua Extend, skrini kubwa inakuwa nyongeza ya meza yako ya kazi: wewe unasoma ripoti, wenzako wanatazama mandhari matupu na kudhani mtambo umegoma. Extend inafaa pale unapotaka kuficha barua pepe zako, ilimradi ukumbuke kuburuta dirisha la ripoti mpaka upande wa pili.

Kinachosumbua zaidi siku hizi ni laptopu nyembamba zisizo na tundu la HDMI. Chukua mfano wa afisa wa fedha mwenye laptopu mpya yenye matundu mawili ya USB-C. Anachomeka adapta kwenye la kulia: flashi inasomeka, chaji inaingia, picha haitoki. Anaazima adapta nyingine, hali ni ileile. Akihamia tundu la kushoto, picha inatoka papo hapo. Matundu yale yana umbo moja ila kazi tofauti, kwa sababu watengenezaji hawalazimiki kupitisha picha kwenye kila tundu la USB-C. Tundu lenye alama ya radi, inayoashiria Thunderbolt, hupitisha picha. Alama isipokuwepo, jaribu yote, au soma maelezo ya laptopu yako. Kama hakuna hata moja linalotoa picha, kubadilisha adapta za kawaida ni kupoteza muda wa mkutano. Azima laptopu nyingine.

Picha ikitoka lakini inazimika na kuwaka, shuku waya, hasa ukiwa mrefu au umekanyagwa na magurudumu ya viti. Shusha ukubwa wa picha kutoka 4K hadi 1920 x 1080. Ikitulia, waya huo haumudu mzigo mkubwa, na mtu wa tehama aambiwe hivyo hivyo, asiambiwe tu kwamba "skrini inasumbua".

Unapochomoa, shika kichwa cha plagi na uvute moja kwa moja. Ndani mna pini 19 ndogo, na kuyumbisha huku na huku kunaweza kulegeza tundu la laptopu yako au kuharibu waya wa ofisi. Adapta nayo isiachwe ikining'inia pembeni mwa meza. Ilazwe, na ifungwe kwenye waya kwa kamba fupi, kwani ni ndogo na huondoka mifukoni mwa watu wasiokusudia kuichukua.