Friji Iliyojaa Umeme Unapokatika

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, kabla ya saa nne usiku, umeme ulizimika karibu Kenya nzima, na sehemu nyingi zililala gizani. Kulipokucha, jikoni kulikuwa na swali moja: vilivyomo kwenye friji bado vinalika?

Jibu la kawaida huhesabiwa kwa saa. Friji isiyofunguliwa hukaa na baridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hukaa saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Hesabu hiyo ni nzuri, ila ina sharti lake: umeme ulipokatika, friji ilikuwa kwenye nyuzi 4 za selsiasi au chini yake, na friza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Friji iliyokuwa kwenye nyuzi 9 haina saa 4 za kungoja. Haina hata moja, maana chakula chake kilikwisha kuvuka mpaka taa zikiwa bado zinawaka.

Sasa nani anajua friji yake iko kwenye nyuzi ngapi? Ile swichi ya kuzungusha, yenye namba 1 hadi 5 au 7, haionyeshi nyuzi. Inaonyesha nguvu ya kupoza tu, na kwa kawaida namba kubwa ndiyo baridi zaidi, ingawa wapo wanaoirudisha kwenye 1 wakidhani wanaongeza baridi. Njia ya kujua ni kutia kipimajoto ndani ya glasi ya maji, kuiweka rafu ya katikati jioni, na kuisoma asubuhi kabla mlango haujaanza kufunguliwa. Maji ni bora kuliko hewa, kwa sababu hewa hubadilika kila mlango unapofunguliwa, na chakula kinafanana zaidi na yale maji.

Kinachoharibu hesabu mara nyingi ni kushindilia. Katika friji nyingi za milango miwili zisizoganda barafu, baridi hutengenezwa sehemu moja tu, nyuma ya friza. Feni huisukuma hewa baridi kupitia vitundu hadi chini kwenye rafu. Ukiegemeza mfuko wa nyama kwenye kitundu cha juu, au sufuria kwenye kile cha nyuma ya rafu, hewa haishuki. Matokeo yake yanachanganya: friza inagandisha vizuri, mboga iliyogusa ukuta wa nyuma inaganda, na maziwa ya mlangoni yana uvuguvugu. Hapo ndipo fundi huitwa kuongeza gesi ambayo haikupungua. Kabla ya kumwita, toa vitu, viache mbali na vitundu, ngoja mpaka kesho, kisha soma tena ile glasi. Ikiwa hali ni ile ile, huenda barafu imeziba njia kwa ndani, na hiyo kweli ni kazi ya fundi.

Friza ni kinyume chake. Yenyewe hupenda kujaa, mradi vitundu visizibwe, kwa sababu kilichoganda ndicho akiba ya baridi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji joto linalotosha kuyapandisha maji ya kilo hiyo hiyo kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Ndiyo maana friza yenye nafasi tupu ijazwe chupa za maji, zisizofika mdomoni, kwani maji yakiganda hutanuka. Siku mgao umetangazwa, chupa mbili tatu za barafu zinaweza kushushwa kwenye rafu ya juu ya friji kabla ya umeme kwenda. Baridi yake itashuka yenyewe.

Tuchukue nyumba moja ya mfano, Mombasa, usiku ule. Umeme umekwenda saa nne kasorobo, na tuseme umerudi Jumamosi saa saba mchana: saa 15 na ushei. Friji ilikuwa na wali wa jioni, mchuzi wa samaki, maharagwe, tui la nazi, na paketi ya maziwa iliyofunguliwa. Friza ilikuwa nusu, na ndani yake pande la nyama la kilo mbili, vibua vichache na vipande vyembamba vya jodari karibu na mlango.

Upande wa friji hauna mjadala. Saa 4 za kwanza ziliisha kabla ya saa nane usiku, na baada ya hapo chakula kilichopikwa, maziwa na tui vilikaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2, ambazo ndizo kikomo. Vyote vinatupwa. Siagi, achari, ndimu, nyanya na mboga mbichi zisizokatwa zinabaki.

Upande wa friza unahitaji mkono. Nyama bado ni ngumu katikati: inarudishwa. Vibua vimelegea kingoni lakini ndani vina chembe za barafu. Vinaweza kugandishwa tena, ingawa vitapoteza maji na nyama yake italegea, kwa hiyo mpishi mwenye akili atavipika mchana ule ule. Jodari wa karibu na mlango amelainika kabisa, na si baridi tena. Huyo hatupimi kwa pua. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka. Mlaji hupata uso mwekundu, kuwashwa, kichwa kugonga na moyo kwenda mbio, akidhani ana mzio.

Watu wengi hujibu hapa kwamba watachemsha vizuri. Moto huua bakteria wengi, lakini hauondoi kila walichoacha. Histamini haiharibiwi na kupika. Vivyo hivyo, bakteria mmoja wa kwenye wali huacha sumu ya kutapisha inayostahimili kuchemshwa. Wali uliokaa usiku kucha bila baridi ukipashwa moto hutoka mtamu tu, na sumu yake ikiwa ndani.

Ukisafiri, hujui umeme ulikatika mara ngapi. Gandisha kikombe cha maji kwenye friza, weka sarafu juu ya barafu, ukiache humo. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama, maji yaliyeyuka na kuganda tena. Ila kipimo hiki kina upungufu: nyama na samaki huanza kuyeyuka chini kidogo ya nyuzi 0 kwa sababu ya chumvi iliyomo ndani yao, kwa hiyo kipande chembamba kinaweza kuwa kimelainika huku sarafu ingali juu. Sarafu iliyozama inahukumu. Iliyobaki juu haithibitishi kitu.

Umeme ukirudi, saa haisimami pale pale. Kompresa lazima iondoe joto la kila kilichomo, na friji iliyoshindiliwa huchukua saa nyingi kushuka tena hadi nyuzi 4. Hizo nazo zinahesabiwa. Acha mlango umefungwa, usiingize chakula cha moto, na zile chupa zilizoyeyuka zisirudi kwenye friza mpaka nyama iwe ngumu tena, la sivyo baridi yote itaishia kugandisha maji.